UZI: Kufupisha hati ya makubaliano ya ushirika wetu na shirika. Ipi ni ahadi inayofunga, ipi ni nia tu?

Katibu wa Mizinga (Sikonge)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wafugaji nyuki hapa wilayani Sikonge. Mwezi uliopita mwenyekiti wetu alitia saini hati ya makubaliano na shirika moja lisilo la kiserikali lenye ofisi Tabora mjini, na Jumamosi ijayo mkutano mkuu wa wanachama unataka kuelezwa kilichomo. Hati ina kurasa saba na ibara kumi na mbili. Nimepewa kazi ya kuifupisha iwe ukurasa mmoja utakaosomwa kwa sauti, kwa kuwa wazee wetu wengi hupendelea kusikiliza kuliko kusoma.

Muhtasari wangu wa kwanza ulikuwa huu: "Shirika litatupatia mizinga ya kisasa 400, litatoa mafunzo kwa wafugaji 60, litatutafutia soko la asali kwa bei nzuri na litatuletea mashine ya kukamulia asali. Sisi tutatoa chumba cha ghala na tutaitunza mashine." Mwenyekiti aliusoma akasema uko sawa. Mweka hazina alipousoma akaniambia kwamba nimeahidi kwa niaba ya shirika vitu ambavyo shirika lenyewe halijaahidi, na kwamba mambo yanayotubana sisi nimeyapitia juu juu. Nimeisoma hati mara tatu na sasa nadhani ana hoja, ila sijui mpaka uko wapi.

Ibara zinazonisumbua nazinakili kama zilivyo:

Ibara ya 3: "Shirika litajitahidi kuupatia Ushirika mizinga ya kisasa ipatayo 400 katika kipindi cha miaka miwili, kwa kutegemea upatikanaji wa fedha kutoka kwa wafadhili."

Ibara ya 4: "Mafunzo ya siku tano ya ufugaji nyuki yatatolewa kwa wafugaji 60 kabla ya tarehe 30 Juni."

Ibara ya 6: "Ushirika utampa mnunuzi atakayependekezwa na Shirika nafasi ya kwanza ya kununua asali itokanayo na mizinga hiyo, kwa bei itakayokubaliwa baadaye."

Ibara ya 9: "Mashine ya kukamulia asali itabaki kuwa mali ya Shirika. Ushirika utawajibika kuirejesha ndani ya siku 14 baada ya Hati hii kusitishwa, na utafidia thamani yake, yaani shilingi 8,500,000, endapo itapotea au kuharibika kwa uzembe."

Ibara ya 12: "Hati hii ni tamko la nia njema na haikusudii kuleta wajibu wa kisheria baina ya Pande, isipokuwa ibara ya 7, 8, 9 na 11."

Ya 7 inahusu usiri, ya 8 inasema kila upande utabeba gharama zake, na ya 11 inahusu usuluhishi. Naomba mwongozo wa namna ya kuliweka jambo hili katika ukurasa mmoja bila kuwadanganya wanachama.

Mzee wa Igalula

Katibu, usijichoshe. Nimekaa kwenye kamati za vijiji na za vyama miaka mingi, na hati za namna hii nimeziona nyingi. Hati ya makubaliano si mkataba. Ni heshima tu baina ya watu wawili waliopeana mikono mbele ya mpiga picha. Waambie wanachama kwamba hakuna linalomfunga yeyote, na mkutano utamalizika mapema.

Wakili wa Ipuli

Shikamoo, Mzee wangu. Kwa ibara ya 3 umesema kweli tupu. Kwa ibara ya 9, ushauri wako ungeweza kuugharimu ushirika shilingi milioni nane na nusu.

Kabla ya hayo, ndugu Katibu, nenda kaisome upya ibara ya 7 kwa makini. Umebandika hapa maneno ya hati neno kwa neno, na ibara ya usiri ni mojawapo ya zile nne zinazofunga. Ikiwa inakataza kuyatoa yaliyomo kwa mtu wa tatu, basi uzi huu wenyewe ni tatizo. Tena angalia kama wanachama wametajwa miongoni mwa wanaoruhusiwa kujua, maana ushirika uliosajiliwa ni mtu wa peke yake kisheria, na mwanachama mmoja mmoja ni mtu mwingine.

Sasa nirudi kwenye swali. Jina lililo juu ya karatasi halitoshi kusema kama karatasi inafunga. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hakiulizi hati inaitwaje. Kinauliza kama kuna makubaliano yaliyofanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Juu ya hapo mahakama hutazama kama pande zilikusudia kufungana, na kusudio hilo husomwa katika maneno waliyoyaandika na mambo waliyoyatenda. Hati moja inaweza kuwa na sehemu inayofunga na sehemu isiyofunga, na hii ya kwenu ndiyo hasa mfano wake.

Kwa hiyo anayefupisha asianzie ukurasa wa kwanza. Aanzie mwishoni, kwenye ibara inayosema hati hii ni nini, kwa sababu hiyo ndiyo inayozipa ibara nyingine zote uzito au kuzinyima. Hapa ni ya 12. Ukishaisoma hiyo, unarudi nyuma na kuona kwamba karibu kila kitu kizuri mlichoahidiwa kimo katika ibara zilizo nje ya zile nne, na karibu kila kitu mnachodaiwa ninyi kimo ndani yake. Sisemi kwamba shirika lilikusudia kuwapunja. Watu wa miradi huandika hivi kwa sababu fedha za mizinga hawana bado, ilhali mashine wanayo mkononi na wanaogopa kuipoteza. Lakini mwanachama anayesikiliza muhtasari wako Jumamosi anapaswa kuuona mpangilio huo.

Mama wa Kibirizi (Kigoma)

Nawasalimu kutoka Kigoma. Mimi nina kikundi cha akina mama wanaokausha dagaa, nasi tulisaini karatasi kama hiyo na mtu aliyetuahidi vichanja vya kukaushia. Vichanja havikuja, na sasa mwaka wa pili anatudai kodi ya banda tulilokuwa tunatumia. Je, tumpeleke mahakamani kwa sababu ya vichanja?

Wakili wa Ipuli

Mama, shikamoo. Lako ni la namna nyingine, kwa sababu kodi ya banda huenda inasimama kwenye makubaliano ya upangaji yasiyohusiana na karatasi ya vichanja. Fungua uzi wako, ueleze kama banda lilikuwa na karatasi yake na nani aliyekuwa akipokea kodi mwanzoni. Nitakuja huko.

Mama wa Kibirizi (Kigoma)

Marahaba, mwanangu. Banda halikuwa na karatasi. Nitafungua uzi.

Mwalimu wa Urambo

Naomba niingie kwa upande wa lugha, maana nafundisha Kiswahili na jambo hili limenigusa. Ndugu Katibu, kosa la muhtasari wako limejificha katika silabi moja. Kiambishi "-ta-" katika Kiswahili hubeba mizigo miwili. Ninaposema "mvua itanyesha" natabiri, na ninaposema "nitakulipa kesho" naahidi. Maandishi ya sheria hutumia "-ta-" hiyo hiyo kwa wajibu, kwa utabiri na kwa matumaini, na msomaji anaachiwa kazi ya kutofautisha kwa kutazama maneno yaliyo jirani.

Tazama ulivyofanya. Hati ilisema "litajitahidi kuupatia", nawe ukaandika "litatupatia". Kitenzi kilichobeba wajibu wote wa shirika kilikuwa "kujitahidi", ukakiondoa kwa ajili ya ufupi, na hapo hapo juhudi ikageuka kuwa mizinga. Ukaondoa pia "ipatayo", nayo 400 ikawa hesabu kamili, na "kwa kutegemea upatikanaji wa fedha", na sharti likatoweka. Maneno yenyewe machache tu, lakini yote matatu yalikuwa ndiyo yaliyoifanya ibara ile kuwa nia.

Kisha angalia ibara ya 4: "Mafunzo yatatolewa." Na nani? Kitenzi cha kutendwa kinamficha mdaiwa. Wewe ukaandika "litatoa mafunzo", yaani ulimtafutia kitenzi mtenda ambaye hati haikumtaja. Pengine ndiye shirika, lakini hilo ni lako, si la hati. Mwenye kufupisha akikuta kitenzi cha kutendwa kisicho na mtenda, aandike wazi kwamba hati haisemi nani atatoa.

Mwisho, linganisha na ibara ya 9, ambamo mwandishi hakutaka utata wowote. Hakuandika "utajitahidi kuirejesha". Aliandika "utawajibika kuirejesha", akataja siku 14, akataja kiasi cha fedha. Mwandishi mmoja, hati moja, lakini mkono wake ulibadilika alipofika kwenye mali yake.

Wakili wa Ipuli

Mwalimu, hayo ya mkono kubadilika nimeyapenda, na nitayatumia bila kukutaja.

Karani wa Nzega

Mimi naongeza upande wa malipo. Ibara ya 4 haiwezi kufunga hata kama ibara ya 12 isingekuwapo, kwa sababu mafunzo ni bure. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Mikataba kinasema makubaliano yasiyo na malipo ni batili, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa humo. Zawadi iliyoahidiwa haidaiwi. Kwa hiyo mafunzo uyaweke upande wa nia bila wasiwasi.

Katibu wa Mizinga (Sikonge)

Nawashukuru nyote. Wakili, nimeisoma ibara ya 7. Inakataza kutoa "bei, orodha ya wafugaji na taarifa za kifedha za upande mwingine", na inawaruhusu wanachama na wakaguzi kujua. Nilichobandika hapa hakina bei ya asali wala majina. Ile thamani ya mashine sijui kama ni taarifa ya kifedha. Mmenitia hofu kidogo.

Kwa ndugu Karani: mafunzo si bure kabisa. Wiki moja baada ya saini, ofisa wa shirika alipita vijijini na kila mfugaji aliyeorodheshwa akatoa shilingi 20,000 za uchangiaji wa mafunzo. Watu 52 kati ya 60 wamelipa, na wamepewa stakabadhi zilizoandikwa "mchango wa mafunzo ya siku tano". Hati yenyewe haisemi lolote kuhusu mchango huo.

Wakili wa Ipuli

Katibu, hilo ndilo lililopaswa kuwa katika ujumbe wako wa kwanza.

Karani yuko sahihi kuhusu kifungu cha 25, na ushauri wake ungetosha kama hakuna aliyetoa senti. Sasa 52 wametoa, na jumla yake ni shilingi 1,040,000. Kwa maoni yangu, hapo pana makubaliano mapya nje ya hati: mfugaji ametoa fedha, shirika limepokea na kuandika ni za nini. Ibara ya 12 inasema "Hati hii" haileti wajibu. Haisemi kwamba kila kitakachofanyika baadaye baina ya watu hawa kimekosa nguvu. Stakabadhi si sehemu ya hati. Tena waliolipa si ushirika, ni wafugaji mmoja mmoja, kwa hiyo hata pande zenyewe ni tofauti.

Hata hivyo, nakiri kwamba mwenzangu wa upande wa pili angeweza kusema kwamba mchango ule ulikuwa utekelezaji wa ibara ya 4, na kwamba utekelezaji wa ibara isiyofunga hauwezi kuifanya ifunge. Mimi sioni hoja hiyo ikishinda, maana aliyepokea fedha kwa ajili ya jambo fulani atapata shida kusema kwamba jambo lenyewe hakuliahidi, na kwa vyovyote fedha zenyewe zitamwia vigumu kuzikalia. Lakini halijaamuliwa na mtu, na wewe katika muhtasari usiliamue. Andika kilichotokea: fedha kiasi gani, zilitolewa na nani, stakabadhi inasemaje, na kwamba hati haiutaji mchango huo.

Ibara ya 6 nayo inataka neno. Wengi wakisikia "nafasi ya kwanza" hudhani wamefungwa kuuza au wamehakikishiwa mnunuzi. Kwanza iko nje ya zile nne. Pili, hata ingekuwa ndani, bei "itakayokubaliwa baadaye" bila kipimo chochote cha kuipata inaigonga kwenye kifungu cha 29, kinachobatilisha makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kufanywa ijulikane. Laiti wangeandika "bei ya soko la Tabora siku ya mavuno" au "bei ya juu kabisa aliyoitoa mnunuzi mwingine kwa maandishi", pangekuwa na njia ya kuijua. Huko Uingereza, katika shauri la Walford dhidi ya Miles la mwaka 1992, mahakama yao ya juu ilikataa kuyapa nguvu makubaliano ya kuendelea kujadiliana kwa nia njema. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini hoja yake husomwa. Kwa wafugaji, maana yake ni kwamba msimu wa mavuno ukifika na mnunuzi hajaonekana, hamna wa kumdai, na akija mwingine mwenye fedha taslimu, ibara ya 6 peke yake haiwazuii kumuuzia. Adabu ya kumjulisha mwenzako kwanza ni jambo jingine.

Mzee wa Igalula

Marahaba, Wakili. Basi nimeelewa kwamba ile mashine ni kamba shingoni. Lakini mwenyekiti alitia saini peke yake. Ushirika una bodi, una mkutano mkuu, na una ukomo wa madeni unaopitishwa na mkutano mkuu. Mtu mmoja anawezaje kutufunga kwa milioni nane na nusu? Mimi nasema saini ile ni batili, na mashine tuikatae.

Wakili wa Ipuli

Mzee, swali lako ni zuri kuliko jibu lako. Mamlaka ya mwenyekiti kusaini yako katika masharti ya ushirika wenu, ambayo mimi sijayaona. Kama bodi ilimtuma na muhtasari wa kikao upo, hoja inakwisha. Kama hakutumwa, bado shirika litasema lilimwona mwenyekiti ana muhuri, na kwamba ninyi mlitoa chumba cha ghala na, kama mashine imeshafika, mliipokea bila kulalamika. Kuhusu ukomo wa madeni, je, dhima ya kufidia kitu ambacho huenda kisipotee ni deni leo? Nimeona watu wakiitazama kwa namna zote mbili. Mwulizeni ofisa ushirika wa wilaya kabla ya Jumamosi. Katibu, je, mashine imeshafika?

Katibu wa Mizinga (Sikonge)

Imefika siku kumi zilizopita. Mweka hazina alisaini fomu ya makabidhiano.

Karani wa Nzega

Fomu hiyo inasemaje? Mara nyingi maneno makali huwa kwenye fomu ya makabidhiano, si kwenye hati kuu. Kazini kwetu tuliwahi kusaini hati laini kama pamba, kumbe fomu ya gari ilikuwa na sharti kwamba tutalipa kwa uharibifu wa aina yoyote, uwe wa uzembe au la.

Katibu wa Mizinga (Sikonge)

Nimeipata kwa mweka hazina. Imeandikwa: "Mpokeaji atalipia upotevu au uharibifu wowote utakaotokea kifaa kikiwa mikononi mwake." Haina neno "uzembe".

Wakili wa Ipuli

Ndugu Karani, umetuokoa.

Sasa kuna karatasi mbili zinazokinzana. Hati inataka uzembe. Fomu haijali uzembe. Mashine ikiungua kwa radi, kwa hati hamdaiwi, kwa fomu mnaweza kudaiwa. Ipi itashinda, sitaki kubashiri bila kuziona zote mbili, hasa kama mojawapo inaitaja nyingine. Muhtasari wa hati peke yake ungekuwa sahihi neno kwa neno na bado ungewapotosha wanachama. Fupisha seti nzima ya karatasi: hati, viambatisho, fomu na stakabadhi.

Nimejaribu kukuandikia. Nimeyaweka yanayofunga mwanzoni, hata kama hayapendezi, kwa sababu msikilizaji wa mkutano husahau mwisho. Kila sharti nimeliacha ndani ya sentensi ya jambo lake lenyewe, lisisukumwe mbali likapotea. Vitenzi vya hati nimeviacha kama vilivyo:

"Ndugu wanachama, hati hii inatufunga kisheria katika mambo manne tu. Tumeahidi kutotoa bei, orodha ya wafugaji wala taarifa za kifedha za mwenzetu (ibara ya 7). Kila upande utabeba gharama zake, maana yake ulinzi wa ghala ni juu yetu (ibara ya 8). Mashine ya kukamulia ni mali ya shirika. Hati ikisitishwa tutawajibika kuirejesha ndani ya siku 14, na ikipotea au kuharibika kwa uzembe tutafidia thamani yake, yaani shilingi 8,500,000 (ibara ya 9). Fomu tuliyosaini tulipoipokea inakwenda mbali zaidi na kusema tutalipia uharibifu wowote. Tofauti hii inafaa tuiulize kwa maandishi. Mgogoro ukitokea, utapelekwa kwenye usuluhishi kwanza (ibara ya 11).

Mambo yafuatayo yamo katika hati kama nia, na hati yenyewe inasema hayaleti wajibu wa kisheria. Shirika litajitahidi kutupatia mizinga ipatayo 400 katika miaka miwili, wafadhili wakitoa fedha. Wasipotoa, hatuna dai (ibara ya 3). Mafunzo ya siku tano kwa wafugaji 60 yatatolewa kabla ya tarehe 30 Juni. Hati haisemi ni nani atakayeyatoa (ibara ya 4). Tutampa mnunuzi atakayependekezwa na shirika nafasi ya kwanza, lakini bei haijapangwa, wala mnunuzi hajatajwa (ibara ya 6).

Jambo moja liko nje ya hati. Wafugaji 52 wamelipa shilingi 20,000 kila mmoja kwa ajili ya mafunzo na wana stakabadhi. Hati haiutaji mchango huo. Kila mwenye stakabadhi aitunze, asiipoteze."

Mwalimu wa Urambo

Wakili, rekebisho moja. Umeandika "maana yake ulinzi wa ghala ni juu yetu". Hayo si maneno ya hati, ni tafsiri yako ya "kila upande utabeba gharama zake". Huenda ni sahihi, ila umelichanganya lako na la hati katika sentensi moja, jambo ambalo tulimkanya Katibu.

Wakili wa Ipuli

Nimekamatwa. Katibu, andika: "Kila upande utabeba gharama zake (ibara ya 8). Tunavyoielewa sisi, ulinzi wa ghala utakuwa juu yetu."

Mzee wa Igalula

Mimi bado naona ukisoma hivi, nusu ya ukumbi itasema tuvunje hati. Mtu anayeambiwa kwamba mizinga "wafadhili wakitoa fedha" hasikii mizinga, anasikia hewa. Shirika lile limetusaidia huko nyuma kwa vitu ambavyo halikuwahi kuandika popote.

Mwalimu wa Urambo

Mzee, hilo Katibu anaweza kulisema kwa mdomo baada ya kusoma, kama historia. Ndani ya muhtasari halimo, kwa sababu ndani ya hati halimo.

Katibu wa Mizinga (Sikonge)

Ndugu zangu, narudi baada ya mkutano. Nimeusoma muhtasari wenye rekebisho la Mwalimu, dakika nne kasoro. Mzee alikuwa sahihi kwamba pangekuwa na manung'uniko. Palikuwa nayo, na makali zaidi yalielekezwa kwa mweka hazina kwa sababu ya ile fomu. Hata hivyo hakuna aliyetaka kuvunja hati. Wameagiza bodi iandike barua yenye maombi matatu: ibara ya 4 imtaje mtoa mafunzo na kuutambua mchango wa 20,000, fomu ya makabidhiano iongezewe neno "kwa uzembe" ili ilingane na ibara ya 9, na kwenye ibara ya 6 iandikwe namna ya kuipata bei.

Shirika limeshajibu kwa simu kwamba la mafunzo halina shida na watalithibitisha kwa maandishi. La bei wamesema linasubiri mnunuzi. La fomu wamesema fomu hiyo ni ya ofisi yao yote, hawawezi kuibadilisha kwa ajili yetu peke yetu.

Kuhusu saini ya mwenyekiti, ofisa ushirika ameomba muhtasari wa kikao cha bodi. Tunautafuta.

Karani wa Nzega

Fomu yao iacheni kama ilivyo, lakini waombeni barua ya mistari miwili inayosema kwamba kwa mashine hii ibara ya 9 ndiyo itakayotawala pale fomu inapotofautiana nayo. Barua haibadilishi fomu ya mtu. Sisi tulikubaliwa hivyo kwenye lile gari.

Wakili wa Ipuli

Naunga mkono, na isainiwe na yule yule aliyesaini hati kwa upande wao. Mpaka barua hiyo ipatikane, mashine isizungushwe vijijini. Ikae ndani ya ghala, na anayeitumia asaini daftari.

Katibu wa Mizinga (Sikonge)

Daftari tumelianzisha jana. Wa kwanza kusaini ni mwenyekiti.